Kiti Hakiugui

Ukitaka kujua rangi ya kijani inafanya nini kwa uso wa mtu, njoo Hulugho saa sita mchana utafute mahali pa kupigia picha. Jua liko juu ya kichwa, mchanga unarudisha mwanga machoni, hakuna anayetaka kusimama wazi hata kwa dakika mbili. Kwa hiyo watu wote hukimbilia mahali palepale pawili: chini ya mwarobaini, au kando ya ukuta wa duka la M-Pesa. Na wajanja hupata vyote kwa pamoja, maana karibu kila duka la M-Pesa nchini Kenya limepakwa kijani, na mwenye duka akiwa na akili amepanda mti mbele ili wateja wasubiri kivulini.

Ni mahali pazuri pa kukaa. Kupiga picha ni mambo mengine. Mtu anaketi pale akiwa na afya yake, anacheka, simu inabofywa, na anayetoka kwenye skrini ana uso wa mtu aliyelazwa wiki nzima. Sura haijabadilika, pua ni ileile na macho ni yaleyale, lakini ngozi imekuwa na ule ukijani wa kuchacha, kama chai ya maziwa iliyosahaulika kwenye kikombe.

Ninahariri picha kwa sababu ninaandika makala za kulipwa kwa neno, na siku hizi hakuna anayenunua makala bila picha. Hapa mjini watu wamejua kwamba yule kijana anayeandika anaweza pia "kusafisha" picha kwenye simu. Nyingi zinazoletwa ni za harusi na za vyeti. Hii ninayotaka kuizungumzia ilikuwa ya ayeyo mmoja, yaani bibi, na nitaeleza hatua kwa hatua kwa sababu kila kitu kigumu kuhusu kijani kilikuwa ndani yake.

Picha ilipigwa na mjukuu wake wa kidato cha nne, kwa simu ya kawaida ya Android. Ayeyo ameketi kwenye kiti cha plastiki cheupe, kile chenye mikono, ambacho kila nyumba na kila matanga Kenya nzima kinapatikana. Juu yake kuna mwarobaini. Kushoto kwake, karibu mita moja hivi, kuna ukuta wa kijani. Kulia kwake pako wazi mpaka barabarani. Anacheka, mkono mmoja umeinuliwa kumfukuza mpiga picha, vidole vina hina. Miezi minne baadaye alifariki.

Binti yake anaishi Minneapolis. Alipotumiwa picha hiyo baada ya mazishi, hakuona mama anayecheka. Aliona ngozi. Akapiga simu usiku akamwambia kaka yake: mlisema hooyo ni mzima, mlisema ugonjwa ulikuja ghafla, hii picha ni ya lini? Alipoambiwa ni ya miezi minne kabla, akasema basi mlijua tangu wakati huo, na mlinificha. Kaka akaapa. Dada akakata simu. Ndiyo maana abti huyu, mtu mzima mwenye ndevu za hina, alikuja kuketi mbele yangu na simu ya mpwa wake mkononi, akasema, "Kijana, mimi sitaki umpendezeshe mama yangu. Nataka awe vile alivyokuwa siku hiyo."

Hiyo ni kazi tofauti kabisa na kupendezesha. Na ni ngumu zaidi, kwa sababu ukikosea kidogo upande wa pili, yule dada atasema sasa mmeongeza na uongo.

Tuanze na kwa nini inatokea. Jani linakula mwanga mwekundu na wa buluu kwa ajili ya chakula chake, na ule wa kijani linaurudisha au linauacha upite zaidi kuliko hizo nyingine. Ukiketi chini ya mti wenye majani mengi, mwanga unaokufikia kutoka juu umechujwa na majani hayo. Ukuta nao unafanya vivyo hivyo kwa njia nyingine: jua likiupiga, ukuta wote unageuka kuwa taa kubwa ya kijani. Watu husahau hili. Hudhani ukuta ni kitu cha nyuma tu, cha kuangaliwa. Lakini ukuta wa mita tatu kwa mita mbili na nusu, ulio mita moja kutoka shavuni mwako, ni taa kubwa kuliko taa nyingi za studio.

Ngozi nyeusi ina jambo lake hapa, na sijaona wengi wakilisema. Mwanga unaopiga uso hurudi kwa namna mbili. Sehemu moja huingia kwenye ngozi, ikatoka ikiwa imechukua rangi ya ngozi. Sehemu nyingine hugonga juu tu na kurudi kama kwenye kioo, bila kuchukua rangi yoyote: huo ndio mng'ao wa paji la uso na wa mfupa wa shavu. Ngozi ikiwa nyeusi, ile sehemu ya kwanza ni ndogo, kwa hiyo mng'ao unachukua nafasi kubwa zaidi katika kile kamera inachokiona. Na mng'ao unabeba rangi ya kilicho mbele yake. Ongeza jasho la saa sita na mafuta ya kujipaka, shavu linakuwa kioo kidogo cha ukuta. Ndiyo maana kwa mtu mweusi kijani hakitandazwi sawasawa usoni, kinakaa kwa mabaka: paji la uso, shavu la upande wa ukuta, ubavu wa pua.

Sasa utauliza, mbona pale pale kivulini hatukuona kijani chochote? Kwa sababu macho yanazoea. Ukikaa chini ya mti kwa dakika chache, ubongo unaamua kwamba mwanga huo ndio mweupe, na unatoa hesabu yake kimyakimya. Mjukuu alimwona ayeyo vizuri kabisa. Simu yake ndiyo haikumwona.

Simu nayo inajaribu. Kuna wazo la zamani ambalo Ralph Evans wa kampuni ya Kodak alilipatia hataza Marekani mwaka 1951, kwa ajili ya mashine za kuchapisha picha za rangi: kwamba ukichanganya rangi zote za picha ya kawaida, wastani wake hutoka kijivu. Kwa hiyo mashine ikikuta wastani umeegemea upande fulani, irudishe katikati. Simu za leo zinafanya mambo mengi zaidi ya hayo, lakini wazo hilo bado limo ndani. Shida ni kwamba picha yenye ukuta wa kijani nusu nzima haina wastani wa kijivu, na si kosa la mwanga, ni kwamba pale kuna ukuta wa kijani kweli! Simu haina njia rahisi ya kujua ni kijani kipi cha mwanga na kipi cha rangi ya mafundi. Isitoshe, zimefundishwa zaidi kusahihisha kati ya buluu na manjano, yaani kati ya kivuli na balbu, kwa sababu mwanga wa kawaida wa dunia unatembea kwenye mstari huo. Kuelekea kijani zinasita. Kwa hiyo simu ya mjukuu ilirekebisha nusu, ikaacha nusu.

Kabla sijagusa chochote nilimwomba abti picha ya asili. Aliyokuwa nayo ilikuwa imepita WhatsApp mara tatu: kwa mpwa, kwa dada, kurudi kwa kaka. Kila mara WhatsApp inabana faili, na inapobana inatupa kwanza tofauti ndogo ndogo za rangi, ambazo ndizo hasa ninazozihitaji. Nikijaribu kuvuta wekundu kutoka kwenye faili kama hiyo, shavu linatoka vipande vipande vya mraba. Tulimwita mpwa, akanitumia ile iliyokuwa kwenye simu yake, kwa kuchagua Document badala ya kuituma kama picha. Faili ilikuwa kubwa mara kadhaa.

Mpwa alikuwa ameshajaribu mwenyewe, na jaribio lake linafundisha. Alifungua Lightroom, akaenda Color Mix, akachagua Green, akashusha Saturation mpaka chini kabisa. Kwa akili ya kawaida ni sawa tu: kijani ni kingi, ondoa kijani. Matokeo: mwarobaini ukawa wa majivu, ukuta ukawa kama saruji, na uso wa ayeyo ukabaki vilevile. Alishangaa sana. Lakini ukifikiri, uso haukuwa kijani. Ngozi ya kahawia ikimulikwa na kijani haigeuki kijani, inasogea kutoka upande wa chungwa kuelekea manjano iliyochakaa. Sisi tunaiita kijani kwa sababu tunajua ngozi inapaswa kuwa wapi. Programu haijui, inahesabu tu, na kwa hesabu yake uso ule uko kwenye kikapu cha Yellow. Ukivuta Green, unagusa kila kitu isipokuwa uso.

Njia ya kujua kwa uhakika ni kusoma namba. Kila nukta ya picha ina namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255, na programu nyingi za bure za kuchagua rangi zitakuonyesha ukigusa mahali. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au nyeupe pee, kwenye mwanga wa kawaida hufuata mpangilio mmoja: nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini. Nyekundu na kijani zikikaribiana sana, uso unaonekana mgonjwa. Kijani kikipita nyekundu, hapo hata mtoto ataona. Shavu la kushoto la ayeyo, upande wa ukuta, lilikuwa 101, 107, 78. La kulia lilikuwa 104, 92, 74. Uso mmoja, sekunde moja, mashavu mawili tofauti.

Na hapo ndipo kile kiti kilipoingia. Kiti kilikuwa cheupe, na kilikuwa na mikono miwili, mmoja upande wa ukuta na mmoja upande wa barabara. Mkono wa kulia ulisomeka 183, 194, 181. Wa kushoto, 168, 199, 165. Nilimwonyesha abti. Nikamwambia, angalia, plastiki ileile, upande huu imeingia kijani kidogo, upande huu imeingia sana. Akakaza macho. Nikamwambia hii ndiyo rangi aliyopakwa mama yako na mti na ukuta, na kiti kimepakwa vilevile. Kiti hakiugui. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimpe simu yangu apige picha ya skrini, zile namba na mikono ya kiti, akaituma Minneapolis hata kabla sijaanza kazi.

Ukiwa na kitu cheupe ndani ya picha, nusu ya safari umemaliza, lakini uchague kwa makini. Watu hupenda kubofya kwenye weupe wa jicho au kwenye meno. Usifanye hivyo. Jicho la mzee lina manjano na mishipa, meno yana rangi yake, hasa ya mnywaji wa chai. Kanzu nyeupe nayo inaweza kukudanganya, kwa sababu sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha inayorusha ubuluu kivulini, na wengine huongeza buluu yenyewe wakati wa kusuuza. Ukiiambia programu kwamba kanzu hiyo ni nyeupe safi, itaondoa buluu na uso utatoka wa machungwa. Plastiki ya kiti ni afadhali, ingawa kiti kikongwe kilichopigwa na jua huwa kimegeuka manjano. Hiki kilikuwa kipya kiasi.

Nilitumia Snapseed ya Android kwa sababu ni ya bure na ndiyo wengi hapa wanayo. Tools, halafu White Balance. Kuna alama ndogo ya bomba la matone. Unaigusa na kuipeleka juu ya kitu unachojua ni cheupe. Niliipeleka kwenye mkono wa kulia wa kiti, upande wa barabara, sehemu inayotazama mbele kama uso wake ulivyotazama. Hilo la kutazama upande mmoja lina maana yake. Juu ya kiti kunapokea mwanga wa majani, ubavu wa kiti unapokea wa ukuta. Nilitaka sehemu iliyopokea mchanganyiko uleule na paji la uso lake. Programu ikasogeza Tint kuelekea pinki, na Temperature kidogo sana.

Hatua hii inarekebisha picha nzima kwa kiwango kimoja. Shavu la kulia na paji la uso vilirudi. Nyekundu ikapanda juu ya kijani kwa umbali wa heshima. Lakini shavu la kushoto bado lilikuwa limechacha, na hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu wanaendelea kusukuma Tint mpaka shavu la kushoto likae sawa. Likikaa sawa, la kulia limeshageuka pinki, mchanga umekuwa wa zambarau na kiti kinafanana na pipi. Huwezi kutibu taa mbili kwa dawa moja.

Kipimo changu cha kujua nimezidisha kilikuwa hina. Rangi ya hina kila mtu hapa anaijua kwa moyo, iko kwenye ndevu za wazee na kwenye kucha za akina mama: ni chungwa linaloelekea kahawia. Pinki ikizidi, hina inakuwa kama juisi ya viazisukari vyekundu. Vidole vya ayeyo vilikuwa vimeinuliwa mbele ya kamera, kwa hiyo kila nilipovuta mstari nilitazama vidole kwanza, uso baadaye. Abti naye alikuwa ameketi pale na ndevu zake, nikawa nainua macho kulinganisha. Alidhani ninamchunguza.

Kwa shavu la kushoto niliingia White Balance mara ya pili, nikasogeza Tint kuelekea pinki mpaka shavu hilo peke yake liwe sawa, bila kujali picha nyingine imeharibika kiasi gani. Nikakubali. Halafu, na hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi wanaomiliki Snapseed hawajawahi kuifungua, unagusa ile alama ya tabaka yenye mshale juu, unachagua View edits, unagusa White Balance ya mwisho, na unachagua alama ya brashi. Marekebisho yale yanafutika kwenye picha nzima, na sasa unayapaka kwa kidole pale tu unapotaka. Brashi ina viwango: 25, 50, 75, 100. Nilivuta picha karibu, nikapaka 100 kwenye mfupa wa shavu na ubavu wa pua, 50 kuelekea mdomoni, 25 pale kivuli kinapoanza kugeuka upande wa kulia. Ukipaka 100 kote, utaona mstari katikati ya uso kama mtu aliyevaa barakoa nusu. Mwanga wenyewe haukuwa na mstari, ulififia polepole, basi na brashi ifuate.

Kuna jambo moja linalofuata baada ya hapo ambalo linashangaza. Kijani ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mwanga tunaouona. Katika hesabu za skrini ni karibu asilimia 70. Kwa hiyo ukikiondoa shavuni, shavu linaweza kuonekana limezama gizani. Mtu anasema, mbona umemtia kivuli? Niliinua mwangaza wa upande huo kidogo kwa kutumia brashi ileile ya kawaida ya Dodge & Burn, kiwango cha chini kabisa cha kuangaza, mara mbili. Si zaidi. Hapa mkono unawasha, maana ukiendelea kidogo tu unaanza kumfanya mtu mweupe, na simu hizi zenyewe zina hamu hiyo. Programu za urembo zikiambiwa "rekebisha ngozi" zinavuta kila mtu kuelekea rangi moja ya pichi ambayo sijawahi kuiona kwenye uso wowote kati ya hapa na Masalani.

Kwa ukaguzi niliomba picha nyingine yoyote ya ayeyo, iliyopigwa mahali pa wazi. Ilikuwepo moja ya Idi ya mwaka uliotangulia, mbele ya ukuta wa nyumba usiopakwa rangi. Shavu pale lilisomeka 121, 88, 69. Sikulenga kuzifikia namba hizo, kwa sababu mwanga wa siku ile ulikuwa mkali zaidi. Nilitazama umbali kati yake: nyekundu imepita kijani kwa zaidi ya theluthi. Kwenye picha yetu, baada ya kazi, shavu la kulia lilifika 112, 87, 72, la kushoto 108, 87, 71. Nikasimama hapo. Chini ya mwarobaini mtu hana budi kubaki na kivuli cha mwarobaini kidogo. Ukikiondoa chote, anaonekana amekatwa mahali pengine na kubandikwa.

Nikazima pia ile Eye Comfort ya simu, ambayo hutia skrini manjano usiku, kisha nikaiacha simu, nikatoka nje kwa dakika kumi. Macho yanayozoea kijani chini ya mti yanazoea pia pinki kwenye skrini. Ukikaa nayo nusu saa mfululizo, kila kitu kinaonekana sawa.

Mjukuu aliniuliza angefanya nini tofauti siku ile, kama ningekuwa pale. Kusema kweli, mambo machache tu. Kiti kisogezwe hatua tatu nne mbali na ukuta. Kwa mita moja ukuta unajaza nusu nzima ya anachokiona shavu, kwa mita nne unakuwa kipande tu. Asiketi katikati ya kivuli cha mti, aketi ukingoni, ndani kidogo, akitazama nje kwenye uwazi, ili mwanga wa usoni utoke kwenye anga na mchanga, si kwenye majani. Afutwe jasho. Na kama haiwezekani kusogea, mtu asimame kati ya ayeyo na ukuta, nje ya picha, amenyoosha jilbabu nyeusi. Wengi hufikiria kuleta kitambaa cheupe, lakini cheusi ndicho kinachokula kile kijani kabla hakijamfikia. Kikipatikana karatasi nyeupe, ashike mbele ya uso kwa picha moja ya kwanza, halafu aiweke kando. Basi. Ila turubai la kijani, lile la kwenye sherehe, hilo ukimbie kabisa: chini yake hakuna mwanga wa aina nyingine wa kukusaidia, na wekundu ambao haukufika usoni hakuna programu itakayourudisha. Hapo waulize wenyewe kama wanataka picha ya nyeusi na nyeupe.

Dada alitaka ya karatasi pia, ya kuweka kwenye Kurani yake, kwa sababu nyumbani kwake hawatundiki picha za watu ukutani. Tuliichapisha Garissa mjini kwanza, ili apelekewe na mtu aliyekuwa akisafiri. Wazo la Evans lilitungoja huko. Mashine ya kuchapisha nayo ina marekebisho yake ya rangi ya kujiendesha. Inaona ukuta wa kijani na mti wa kijani, inadhani picha imeharibika, inaongeza pinki juu ya ile niliyokwisha kuongeza. Nakala ya kwanza ilitoka na ayeyo mwenye mashavu ya waridi na kiti cha pipi. Abti alikuwa kwenye simu na mimi, anaieleza kwa maneno: "Hina imekuwa nyekundu." Nilijua mara moja. Nikamwambia amwombe fundi azime marekebisho ya mashine, achapishe faili kama ilivyo. Fundi alinung'unika kidogo, akazima.

Nilikuwa nimeikata picha ibaki uso na mkono ulioinuliwa, maana hivyo inapendeza zaidi. Jibu kutoka Minneapolis lilikuja kupitia kwa abti, sauti ya sekunde saba kwenye WhatsApp, na aliniwekea nisikie. Anasema kwa Kisomali kwamba amemwona mama yake. Kisha anauliza kama tunaweza kutuma ile isiyokatwa, yenye kiti chote, mikono yote miwili.